Somo: Ujumbe wa kazi ambao mhandisi wa programu hataupuuza

Nilipoanza kazi hii ya kutafutia kampuni wahandisi hapa Nairobi, nilimwandikia mtu wa Java nikamsifu kwa JavaScript yake. Alijibu neno moja: "Tofauti." Angalau alijibu.

Hatua ya 1. Anza na meneja wa timu. Muulize: mtu huyu akiripoti Jumatatu, anakabidhiwa tatizo gani? "Tunataka mzoefu wa Python" si jibu, mbane zaidi. Tuseme timu ya malipo, Westlands: taarifa ya malipo ya M-Pesa kutoka Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha programu na M-Pesa, ikifika mara mbili, mteja anaongezewa salio mara mbili. Hapo sasa una cha kutafuta.

Hatua ya 2. Soma kazi ya mtu. Kwenye GitHub, tafuta upande wa watumiaji:

```
location:Nairobi language:Python
```

Ukiona "forked from" chini ya jina la repo, asili yake ni ya mtu mwingine. Usimpe sifa kabla hujaona alichobadilisha mwenyewe. Tuseme umempata aliyeeleza kwenye README kwamba anahifadhi `CheckoutRequestID` ya kila muamala, ili taarifa ya pili ikija na namba ileile isihesabiwe. Si lazima uelewe msimbo wenyewe. Mtumie meneja kiungo, umuulize kama shida yao ndiyo hii.

Hatua ya 3. Andika.

"Habari. Nimesoma kwenye README yako unavyotumia CheckoutRequestID kuzuia malipo kuhesabiwa mara mbili. Timu ninayoitafutia mtu inahangaika na jambo hilohilo. Ni Python na PostgreSQL, Westlands siku mbili kwa wiki, mshahara 280,000 hadi 350,000 kabla ya makato. Atakayeongea nawe kwanza ni meneja wa timu. Nikutumie maelezo?"

Kabla ya kutuma, jiulize kama sentensi ya pili ingemfaa mtu mwingine yeyote. Ikimfaa, rudi hatua ya 2.

Maswali ya wanachama

*Mteja wangu hataki mshahara utajwe. Nifanyeje?*
Mwombe walau kiwango cha chini. Akikataa kabisa, taja ngazi ya kazi, na usiandike "mshahara mnono". Neno hilo limechosha watu.

*Na asiye na chochote GitHub?*
Ni wengi, hasa wa benki, maana msimbo wao ni mali ya mwajiri. Usibuni sifa. Eleza tatizo la timu kinaganaga, kisha sema wazi kwamba umemwandikia kwa sababu ya cheo alichoandika LinkedIn.

*Dada, barua pepe zinaonekana kwenye historia ya msimbo. Nizichukue?*
Hapana. Masharti ya GitHub yanakataza kuchukua taarifa za watumiaji ili kuwatumia barua pepe wasizoziomba. Mwandikie LinkedIn, au kwa anwani aliyoiweka kwenye tovuti yake kwa ajili ya kazi.

*Asipojibu?*
Mimi humkumbusha mara moja, baada ya wiki, nikiwa na jambo jipya la kumwambia. Kama sina, simwandikii.