Boti ikisimama na ndege yako inaruka: kukata tiketi msimu wa masika na kusi

Somo hili ni la anayevuka kwa boti kutoka Unguja kwenda kupanda ndege ya nje pale Dar, tuseme ya Maskati. Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwanzoni mwa Mei 2024, boti kati ya Dar na Unguja zilisimamishwa. Lakini si lazima kije kimbunga, upepo mkali tu na mawimbi vinatosha kuzuia boti.

Hatua ya 1. Jua nani kaahirisha. Boti ikizuiwa, ofisi ya boti ndiyo iliyoahirisha, kwa hiyo dai nauli yako au safari nyingine. Ndege haijaahirishwa. Kwa shirika la ndege, wewe ni abiria ambaye hakutokea, sawa na aliyepitiwa na usingizi. Kwa hiyo tiketi ya boti nunua ya kawaida. Hela ya ziada iweke kwenye ndege, ile ambayo bahari haiigusi.

Hatua ya 2. Soma masharti kabla ya kulipa. Tafuta mistari miwili: kubadilisha tarehe kabla ya safari, na `No-show`, yaani abiria kutotokea. Tiketi nyingi za bei nafuu zinakubali kubadilishwa kwa faini ukipiga simu mapema. Ndege ikishaondoka, huenda nauli yote imekwenda.

Hatua ya 3. Piga hesabu. Tuchukue mfano: nauli nafuu ni 700,000, faini ya kubadilisha 180,000. Nauli inayobadilishwa bila faini ni 800,000. Unalipa 100,000 zaidi ili kuepuka 180,000, ila tofauti ya nauli ya siku mpya utailipa kwa vyovyote. Sasa weka na njia ya tatu: vuka jana yake, ulale gesti ya 40,000. Mimi nachagua hiyo, isipokuwa TMA wakiwa wametoa angalizo la siku kadhaa mfululizo. Hapo vuka mapema zaidi, au lipa ile 800,000.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikikata Zanzibar–Dar–Maskati kwa ndege pekee, bila boti?*
Vizuri, mradi iwe tiketi moja yenye namba moja ya buking. Kipande cha kwanza kikichelewa, shirika linawajibika kukutafutia ndege nyingine. Ukikata mbili mbali mbali, umerudi kule kule kwenye boti.

*Nikate bima nikiona mawingu?*
Kwa kawaida tahadhari ikishatangazwa, bima mpya hailipi tukio hilo. Ikate siku ile ile ya tiketi.

*Tiketi yangu hairudishwi hela, na nasikia ndege yenyewe huenda isiruke. Niifute?*
Usiifute. Ukifuta wewe, masharti ya tiketi yanakubana. Wakifuta wao, dai nauli yako au ndege nyingine. Ila kama huwezi kufika uwanjani, piga simu ubadilishe tarehe kabla ya saa ya kuondoka, na uombe meseji ya uthibitisho.