Kutoka kiasi unachotaka mkononi hadi mshahara wa kuandikwa kwenye mkataba

Mwajiri anapomuuliza mwombaji kazi anataka mshahara kiasi gani, mwombaji huwa na jibu tayari, nalo ni kiasi anachotaka kukiona kikiingia benki mwisho wa mwezi. Mwajiri hapangi bajeti yake kwa kiasi hicho. Yeye anahesabu mshahara wa jumla, yaani kabla ya makato, kwa kuwa ndio unaoandikwa kwenye mkataba. Kazi yangu ni kuandaa mishahara, na mara nyingi nimeona watu wawili wakikubaliana tarakimu moja huku kila mmoja akiwa na maana yake, kisha mgogoro ukazuka slipu ya kwanza ilipotoka. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuanza na kiasi cha mkononi na kurudi nyuma hadi mshahara wa jumla, kwa mwajiriwa wa sekta binafsi Tanzania Bara anayechangia NSSF.

Kwanza, fahamu makato yanafuatana vipi

Mfanyakazi huchangia NSSF asilimia 10 ya mshahara wake wa jumla. Mchango huo hutolewa kabla ya kodi, kwa hiyo kinachotozwa kodi ni asilimia 90 iliyobaki. Hapo ndipo kodi ya ajira, PAYE, inapohesabiwa kwa ngazi. Kwa mwezi, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi kitu. Kiasi kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, kinachozidi 520,000 hadi 760,000 hutozwa asilimia 20, kinachozidi 760,000 hadi 1,000,000 hutozwa asilimia 25, na kila shilingi inayozidi milioni moja hutozwa asilimia 30. Ngazi ya asilimia 8 ilianza Julai 2021, kabla ya hapo ilikuwa 9. Kwa kuwa viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha, fungua jedwali la TRA la mwaka husika kabla ya kuingia kwenye mazungumzo.

Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Makato haya hayapunguzi kodi. Hutoka baada ya kodi kukwisha kuhesabiwa, na ndiyo yanayovuruga hesabu za watu wengi, kama tutakavyoona.

Kwa nini kugawanya kwa asilimia moja hakufai

Njia ya mkato ya kwanza ninayoikuta ni ya mtu anayesema: kodi ni 30, NSSF ni 10, basi nabakiwa na 60, nikitaka 1,500,000 nagawanya kwa 0.6 na kupata 2,500,000. Hesabu hiyo inasahau kwamba asilimia 30 haigusi milioni ya kwanza inayotozwa kodi. Mshahara wa 2,500,000 kwa kweli humwachia 1,747,000, kwa hiyo ameomba zaidi ya alichohitaji, na huenda mwajiri mwenye bajeti finyu akampita.

Njia ya pili inadanganya zaidi kwa sababu inatokana na slipu halisi. Tuseme mtu analipwa 1,000,000 kwa sasa na anapokea 797,000. Anaona kwamba hubakiwa na asilimia 79.7, anagawanya 1,500,000 kwa 0.797, na kuomba 1,882,000. Mwisho wa mwezi anapokea takriban 1,357,700, pungufu ya shilingi 142,300 kila mwezi. Uwiano wa slipu ya zamani ulikuwa sahihi kwa mshahara ule tu. Kadiri mshahara unavyopanda, sehemu kubwa zaidi yake inaingia kwenye ngazi ya juu ya kodi na uwiano unashuka.

Hatua ya 1: tafuta ngazi yako kwa kutumia kiasi cha mkononi

Kila mpaka wa ngazi ya kodi una mpaka wake upande wa fedha za mkononi, na ukishaupata huhitaji tena kubahatisha. Ambaye kiasi chake kinachotozwa kodi ni 520,000 hulipa kodi ya 20,000, hivyo hubakiwa na 500,000. Kwa 760,000 kodi ni 68,000 na kinachobaki ni 692,000. Kwa 1,000,000 kodi ni 128,000 na kinachobaki ni 872,000. Kwa maneno mengine, mtu asiye na mkopo anayetaka zaidi ya 872,000 mkononi yuko ngazi ya juu kabisa, na anayetaka kati ya 692,000 na 872,000 yuko kwenye ngazi ya asilimia 25.

Kama una makato ya kiasi kisichobadilika, kwa mfano rejesho la SACCOS la 80,000 kwa mwezi, yajumlishe kwanza kwenye kiasi unachokitaka. Anayetaka 1,500,000 baada ya rejesho hilo anapaswa kufanya hesabu nzima kwa 1,580,000.

Hatua ya 2: rudisha kodi

Chukua kiasi cha mkononi, toa mpaka wa chini wa ngazi yako, kisha gawanya tofauti kwa sehemu ya shilingi inayobaki baada ya kodi ya ngazi hiyo. Kwenye ngazi ya asilimia 30 inayobaki ni 0.7, kwenye ya 25 ni 0.75, kwenye ya 20 ni 0.8 na kwenye ya 8 ni 0.92. Jibu lijumlishe na mpaka wa kodi unaolingana na ngazi hiyo.

Kwa anayetaka 1,500,000 na hana mkopo, tunatoa 872,000 na kupata 628,000. Tukigawanya kwa 0.7 tunapata 897,143, na tukijumlisha na 1,000,000 tunapata 1,897,143. Hicho ndicho kiasi kinachotozwa kodi.

Hatua ya 3: rudisha NSSF

Kiasi kinachotozwa kodi ni asilimia 90 ya mshahara wa jumla, kwa hiyo gawanya kwa 0.9. Wengi hapa huongeza asilimia 10 badala ya kugawanya, na hupungukiwa: 1,897,143 ikizidishwa kwa 1.1 inatoa 2,086,857, ilhali jibu sahihi ni 2,107,937.

Anayetumia Excel aweke kiasi cha mkononi kwenye kisanduku B1 na kuandika hivi:

```
=IF(B1<=270000,B1,
 IF(B1<=500000,270000+(B1-270000)/0.92,
 IF(B1<=692000,520000+(B1-500000)/0.8,
 IF(B1<=872000,760000+(B1-692000)/0.75,
 1000000+(B1-872000)/0.7))))/0.9
```

Hatua ya 4: kama una mkopo wa elimu ya juu

Hapa fomula ya juu haifai tena, kwa sababu asilimia 15 inahesabiwa kutoka kwenye mshahara ambao bado hatuujui. Tuandike mlingano. Kwenye ngazi ya juu, kinachobaki baada ya NSSF na kodi ni mshahara wa jumla mara 0.63, kuongeza 172,000. Hiyo 0.63 ni 0.9 mara 0.7. Na 172,000 ni 300,000, yaani asilimia 30 ya milioni ya kwanza ambayo haikutozwa kwa kiwango hicho, kutoa 128,000 iliyotozwa kwa ngazi za chini. Mshahara wote ukiwa ni wa msingi, mkopo huondoa 0.15 kutoka kwenye 0.63, na inabaki 0.48.

Kwa hiyo anayetaka 1,500,000 atoe 172,000, apate 1,328,000, agawanye kwa 0.48. Jibu ni 2,766,667. Tofauti na asiye na mkopo ni karibu 659,000 kwa mwezi, kwa kiasi kilekile mkononi. Mwenye mkopo akitaka nyongeza ya 100,000 mkononi, mwajiri lazima aongeze takriban 208,300, wakati kwa mwenzake asiye na mkopo ingetosha 158,700.

Sasa angalia nini hutokea mshahara ukigawanywa. Makato ya mkopo hufuata mshahara wa msingi, huku NSSF na kodi vikifuata jumla pamoja na posho za fedha. Kama mwajiri ana muundo unaoweka msingi kuwa 2,000,000 na kinachozidi kuwa posho, mkopo utakuwa 300,000. Ongeza 300,000 kwenye 1,500,000, toa 172,000, gawanya 1,628,000 kwa 0.63, na utapata 2,584,127. Mwajiri ameokoa zaidi ya 182,000 na mkononi hakijapungua kitu. Sishauri mtu abuni posho ili kukwepa deni, kwani deni linabaki palepale na litalipwa kwa muda mrefu zaidi. Ila usikubali wala kutaja mshahara wa jumla kabla ya kuuliza msingi ni kiasi gani.

Kuna mtego mmoja katika hatua hii. Mipaka ya mkononi ya hatua ya 1 haizingatii mkopo, hivyo inaweza kukuweka kwenye ngazi isiyo yako. Mwenye mkopo anayetaka 720,000, ambaye mshahara wake wote ni wa msingi, ataonekana yuko kwenye ngazi ya asilimia 25. Kwa ngazi hiyo, asilimia 25 ya 760,000 kutoa kodi ya 68,000 ni 122,000, na 0.9 mara 0.75 kutoa 0.15 ni 0.525. Akihesabu hivyo, (720,000 − 122,000) ÷ 0.525, atapata mshahara wa 1,139,048, na asilimia 90 yake ni 1,025,143, ambayo imevuka milioni. Hiyo ndiyo dalili kwamba ngazi si sahihi. Akirudia kwa ngazi ya juu, (720,000 − 172,000) ÷ 0.48, anapata 1,141,667. Asilimia 90 yake ni 1,027,500, nayo inakaa kwenye ngazi iliyotumika.

Hatua ya 5: hakiki kwa kwenda mbele

Usiondoke bila kuhesabu slipu kama mhasibu atakavyoihesabu. Kwa mfano wa mkopo: 2,766,667 kutoa NSSF 276,667 inabaki 2,490,000. Kodi ni 128,000 na asilimia 30 ya 1,490,000, ambayo ni 447,000, jumla 575,000. Mkopo ni 415,000. Inabaki 1,500,000. Jibu likipishana kwa shilingi moja au mbili, ni kukadiria tarakimu. Likipishana kwa maelfu, mara nyingi umekosea ngazi, au umetoa mkopo kabla ya kodi.

Upande wa mwajiri

Mshahara wa jumla sio gharama yote ya mwajiri. Juu yake anachangia NSSF asilimia 10 nyingine na asilimia 0.5 kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Bila kuhesabu tozo hiyo, mtu wa 2,107,937 anamgharimu takriban 2,329,270. Nyumba au gari linalotolewa na mwajiri kwa matumizi binafsi nalo huongeza kiasi kinachotozwa kodi bila kuongeza fedha, kwa hiyo likijumuishwa kwenye kifurushi, kiasi cha mkononi kitapungua na hesabu lazima irudiwe thamani yake ikiwa ndani.

Mkataba utaje mshahara wa jumla na mshahara wa msingi kando kando. Kama pande zote zimeafikiana juu ya 1,500,000 mkononi, na mfanyakazi hana mkopo, 2,110,000 inatosha kabisa: inamwachia 1,501,300.