SOMO: Mgao wa hedi ofisi toa kwenye mradi, nyongeza ya kweli bakisha

Naandika hii mara moja tu, atakayeniuliza tena nitamtuma hapa. Swali ni lile lile kila wiki, mtu ana mradi anauona mzuri lakini hesabu inatoa hasi, nikifungua jedwali lake nakuta mstari "gharama za hedi ofisi, 10% ya mauzo". Nikimwambia autoe, anatoa na vile ambavyo hakupaswa kuvigusa.

Tuchukue mfano, tarakimu ni za kufundishia na kodi nimeiweka kando kwanza. Kampuni ya samaki ina hedi ofisi Mombasa na tawi Malindi. Tawi linataka kufunga mtambo wa barafu liwauzie wavuvi na wachuuzi. Mtambo ni shilingi 6,000,000, utafanya kazi miaka 5, baada ya hapo ni chuma chakavu. Mauzo 4,800,000 kwa mwaka, hapo nishapunguza miezi ya kusi mashua zikikaa juu. Umeme, maji, vibarua na matengenezo 2,700,000. Riba ya kupunguzia, ile ya kurudisha pesa za miaka ijayo kwenye thamani ya leo, ni 14%. Hedi ofisi inagawia matawi gharama zake kwa kipimo cha mauzo, na mtambo huu utabebeshwa 480,000 kila mwaka.

Hatua ya 1. Mauzo toa gharama za pale pale: 2,100,000 kwa mwaka.

Hatua ya 2. Futa ile 480,000. Pango la ofisi Mombasa na mshahara wa mkurugenzi vitalipwa barafu iwepo isiwepo. Kapu ni lile lile, Malindi ikibebeshwa zaidi basi matawi mengine yanabeba pungufu, hakuna shilingi iliyotoka benki kwa ajili ya mtambo.

Hatua ya 3. Hapa ndipo watu wanapoanguka. Ukishafuta mgao usikimbilie kupiga hesabu, rudi ukafungue lile kapu lenyewe. Omba bajeti ya hedi ofisi mstari kwa mstari, kaa na mtu wa huko mjaze safu mbili, matumizi ya kampuni nzima bila mtambo na matumizi ya kampuni nzima mtambo ukiwepo, halafu mradi wako ubebe ile tofauti tu, asilimia usiiguse. Kwa mfano wetu mistari karibu yote inabaki vile vile isipokuwa miwili. Barafu itauzwa kwa mkopo kwa wavuvi wengi wadogo wadogo, kila mmoja na deni lake, kwa hivyo Mombasa wataajiri karani wa nusu siku wa kufuatilia madeni, 18,000 kwa mwezi, yaani 216,000 kwa mwaka. Na bima ya mitambo iko kwenye mkataba mmoja wa kampuni, mtambo ukiingia inapanda 60,000. Vyote viwili vinalipwa Mombasa, ankara zake tawi haliletewi, ndio maana mtu wa Malindi akikaa peke yake na kompyuta yake hawezi kuviona. Jumla 276,000, hiyo ndiyo nyongeza ya kweli, inaingia.

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, mtu akihamishwa. Tuseme fundi wa 45,000 anatolewa Mombasa aje kuangalia mtambo, na nafasi yake anawekwa kijana wa 30,000. Mradi unabeba 30,000, maana ile 45,000 ilikuwa inalipwa tangu zamani. Asipowekwa mtu, na kazi aliyoiacha haikuingiza kitu, mradi haubebi chochote. Lakini kama kule alikuwa anatengeneza mashine za wateja na wateja wale sasa wanapotea, basi faida ile iliyopotea inabebwa na barafu, hata kama hakuna ankara. Pili, usihesabu mara mbili: huyo karani mwaka kesho atakuwa ndani ya mgao, ukiurudisha mgao pia umemlipa mara mbili.

Hatua ya 4. 2,100,000 toa 276,000 unabaki na 1,824,000 kwa mwaka. Zidisha kwa 3.4331, yaani thamani ya leo ya shilingi moja ya kila mwaka (miaka 5 kwa 14%), toa 6,000,000, unapata kama 262,000 chanya. Fanya mradi.

Sasa tazama. Ukibakisha mgao badala ya nyongeza unapata hasi 438,000, unaua mradi mzuri. Ukifuta vyote unapata chanya 1,209,500, na mimi naona hii ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inakulaza usingizi. Mtambo unahitaji 1,747,700 hivi kwa mwaka usile hasara, kwa hivyo nafasi uliyo nayo kweli ni kama 76,000 tu, wewe unadhani una zaidi ya 350,000 na unaanza kuwapunguzia wavuvi bei.

MASWALI

Kijana wa Maweni: Kwa hiyo ovahedi zote tunatoa, sio?

Mwandishi: Hatua ya 3. Isome yote.

Kijana wa Maweni: Nimesoma bana, niko kazini, nipe fomula tu nibandike.

Mwandishi: Hakuna fomula ya kujua Mombasa wataajiri au hawataajiri. Piga simu uwaulize.

Bi Mayungu: Shukran kaka. Swali langu, kama kila mradi unakwepa mgao, hedi ofisi italipwa na nani?

Mwandishi: Hilo swali dadangu ni zuri sana. Inalipwa na ile ziada ya matawi yote kwa pamoja, na barafu ikileta shilingi ambayo isingekuwepo basi imesaidia kuilipa. Kupanga bei za bidhaa zote za kampuni ni kazi nyingine, huko lazima ovahedi irudi. Ila kuna mtego: kampuni ikipanga mitambo minne, Malindi, Kipini, Lamu na Kizingitini, kila mmoja peke yake utasema mhasibu aliyepo anatosha. Yote minne ikiingia, hatoshi, anaajiriwa wa pili. Hapo usipime mmoja mmoja, piga hesabu ya minne kwa pamoja na mshahara wake uwemo.

Mtu wa Mokowe: Na kodi? Mgao si gharama, si unapunguza kodi ya 30%? Angalau tuingize hiyo nafuu.

Mwandishi: Hapana shekhe, pango la Mombasa linapunguza kodi ya kampuni leo, na mtambo usipokuja litaendelea kupunguza vile vile. Nafuu mpya ni ya ile 276,000, na ya mtambo wenyewe. Hizo ingiza.

Mtu wa Mokowe: Nimekupata. Lakini bosi wetu baada ya mwaka anaangalia ripoti ya tawi, na kule mgao upo, ataona hasara aseme tulimdanganya.

Mwandishi: Anaweza kuiona kweli, maana kuna mgao, na kuna uchakavu wa mtambo pia. Ambatanisha ukurasa mmoja na ombi la mradi, mistari ile ile uliyotumia, na mwisho wa mwaka ujaze tarakimu halisi pembeni. Mwambie mapema kabla ya kusaini, akishaona ripoti utaonekana unajitetea.

Bi Mayungu: Mimi Ekseli inanipa 230,000 sio 262,000, nimekosea wapi?

Mwandishi: Umeingiza ile 6,000,000 ndani ya mabano. Ekseli inadhani imelipwa mwisho wa mwaka wa kwanza, ikairudisha nyuma mwaka mzima pamoja na zingine. Iweke nje:

```
=NPV(0.14,C10:G10)+B10
```

B10 ni -6000000, C10 hadi G10 ni 1824000 kila moja.

Bi Mayungu: Imekuja 262 sasa. Naenda kuwapigia Mombasa niwaulize habari ya bima.