Kutafuta mpishi wa chai na chakula cha mchana ofisini: hesabu sahani kwanza, kuonja baadaye

Wiki iliyopita jirani yetu wa ofisi ya pili hapa Vuga, Unguja, alinijia na karatasi tatu za bei mkononi. Wanatafuta mtu wa kuwaletea chai saa nne na chakula saa saba. "Huyu wa elfu sita si ndiye nafuu?" Nikamwambia akae kitako kwanza, maana mwaka jana mimi nilimchukua wa elfu sita, na mwisho wa mwezi nikakesha na daftari. Haya ndiyo niliyomweleza.

Hatua ya 1: Jua wanaokula ni wangapi

Usitumie orodha ya waajiriwa. Bandika karatasi mlangoni kwa wiki mbili, safu moja ya chai na moja ya chakula, kila mtu atie alama asubuhi. Sisi tumeandikishwa 32. Siku za kawaida walikuwa wanakula 28 hivi, kwa sababu hakosekani aliye likizo au aliyetumwa shamba. Jumatatu na Alhamisi walishuka hadi 21, watu wamefunga sunna. Usihesabu mwezi wa Shaabani wala siku za sita za Shawwal, utapata idadi ya chini isiyofanana na miezi mingine.

Hatua ya 2: Tafuta bei ya sahani iliyoliwa

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Mpishi wa kwanza alitaka 6,000 kwa kichwa, chai na chakula pamoja, akilipwa kwa watu wote 32 kila siku ya kazi. Wa pili alitaka 6,500, lakini kwa idadi atakayopigiwa simu asubuhi. Chukua mwezi wa siku 22 za kazi, 9 kati yake zikiwa Jumatatu na Alhamisi. Walaji wa siku hizo ni 9 × 21, yaani 189. Siku 13 zilizobaki ni 13 × 28, yaani 364. Jumla sahani 553.

Wa kwanza: 32 × 6,000 × 22 = 4,224,000. Igawe kwa sahani 553 zilizoliwa kweli, kila moja imekugharimu takriban 7,640. Wa pili: 553 × 6,500 = 3,594,500. Aliyeonekana ghali ndiye aliyekuwa nafuu kwa zaidi ya laki sita kwa mwezi. Mimi nilimsaini wa kwanza.

Lakini usikimbilie kumsaini wa pili bila kumuuliza mambo mawili. Kwanza, simu mwisho saa ngapi? Akikwambia jana yake jioni, hesabu yako imekufa, kwa sababu anayefunga wengine hawamjui mpaka asubuhi. Sisi tumekubaliana saa mbili na nusu, kabla hajatia mchele maji. Pili, idadi ya chini ni ipi? Mpishi ana haki ya kuiweka, mkaa na msaidizi vinalipwa hata mkila watu kumi. Wetu alisema 25, basi zile siku 9 zinalipiwa sahani 225 badala ya 189, na mwezi unafika 3,828,500. Bado ni kama 6,920 kwa sahani. Tungekubali 30, faida yote ingeyeyuka.

Wa tatu aliandika bei kwa kilo ya mchele, kama ya shughuli. Mimi siipendi hesabu hii kwa ofisi, lakini ukiipata, igeuze: kilo moja ya mchele mkavu ikiiva hulisha watu sita au saba wenye njaa ya saa saba. Kisha muulize mchuzi una vipande vingapi, maana kilo ya mchele haisemi lolote kuhusu samaki. Na hata kwa bei ya kichwa, andika ukubwa wa kipande. Wetu wa mwanzo alianza na kipande cha kujaza kiganja, wiki ya tatu kikawa cha kutafuta kwa kijiko, bei ileile.

Vitu vidogo vinavyobaki: usafiri umo ndani au nje, chai ya pili inalipiwa au la, na kama atatoa risiti ya kielektroniki ya ZRA. Mhasibu wetu hakubali karatasi ya daftari.

Hatua ya 3: Nenda jikoni bila kutoa taarifa, saa nne asubuhi

Leseni ya biashara na kadi za kupimwa afya za wapishi ziombe, ziangalie tarehe, basi. Muhimu ni unachokiona. Mimi huangalia vitu vitatu.

Maji: pana ndoo yenye bomba na sabuni pale pale anapokatia, au mpaka atoke uani? Ubao: kachumbari inakatwa juu ya ubao uliotoka kuparia samaki? Kachumbari haipiti motoni, kitakachoingia humo utakila hivyo hivyo.

La tatu ni samaki, na hili lina kisa. Siku moja tuliletewa jodari wa kukaanga, mtamu, hana harufu. Haikupita saa, wenzetu watano nyuso nyekundu, mwili unawasha, vichwa vinagonga. Kila mmoja akadhani ana mzio. Mzio haushiki watu watano meza moja. Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na kupika hakuiondoi. Samaki anaweza asinuke kabisa. Basi swali la kumuuliza mpishi ni hili: kutoka mnadani Malindi mpaka sufuriani, samaki wako yuko wapi? Nilipomuuliza mama tuliye naye sasa alinifunulia boksi la barafu, akasema, "Mwanangu, nikikosa barafu siku hiyo mtakula maharage." Nilimchagua kwa jibu hilo.

Angalia pia wali unaiva saa ngapi. Ukiiva saa nne na kuliwa saa saba, uwe umekaa moto kweli, nyuzi 60 au zaidi, kwa sababu kuna mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemshwa na huamka wali ukiwa vuguvugu. Kipimajoto cha kuchoma chakula ni kitu kidogo. Chomeka katikati ya hotipoti inapofika ofisini. Mpishi wa Jang'ombe hutumia muda mfupi tu njiani kufika kwetu. Yule wa Fuoni alikuwa na mkono mzuri, lakini foleni ilimshinda: wali ulifika nyuzi 48. Nilimwacha. Na mchuzi wa nazi uliopoa ndio wa kwanza kuchacha.

Hatua ya 4: Onja

Usikubali kuonjeshwa pilau. Kila mtu anajua kupika pilau ya kuonjesha. Omba wali wa nazi, maharage na mchicha, siku ya Jumanne, kwa sahani utakayolipa. Chai ionje baada ya kukaa saa moja kwenye chupa. Iliki ya kweli bado utaisikia.

Hatua ya 5: Mkataba

Wiki mbili za majaribio, kisha miezi mitatu. Andikeni kwamba Ramadhani huduma inasimama bila malipo ya chini, na nani atatoa notisi ya siku ngapi. Sisi tuliandika 14.