Kumwandikia mtu upya ujumbe wake bila kumpoteza mwenyewe

Steshenari yetu inapiga chapa, inatoa kopi, na karibu kila siku kuna mtu anayeninyooshea simu: "Hebu niwekee vizuri hapa kabla sijatuma." Nitaonyesha ninavyofanya kwa ujumbe mmoja wa mama lishe kwa mwenye nyumba wake, nikiwa nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.

Hatua ya 1: Usome wote bila kugusa kitu

Ulikuja hivi:

> Shikamoo mzee habari za huko mzee mimi kodi ya miezi mitatu naomba unisubirie mpaka tarehe 10 maana mchezo wetu umesogezwa na ela nilikuwa naitegemea iyo sio kwamba nakukimbia hapana miaka yote unanijua na mzee ile koki ya nje bado inavuja nilisha kwambia maji yanaisha na luku ya pampu inaenda bure basi mzee nakutegemea

Tazama mpangilio wake. Anasalimia, anaomba, anatoa sababu, anajitetea, ndipo analalamika, tena kwa upole, na kufunga kwa kumtegemea mzee. Lalamiko limewekwa nyuma ya ombi kwa makusudi: huwezi kuomba muda wa kodi huku umeanza na koki. Mpangilio huo usiuvunje.

Hatua ya 2: Weka alama kwenye maneno yake

Nilipiga mstari chini ya "mzee", ambalo limerudi mara nne, "unisubirie", "sio kwamba nakukimbia hapana", "miaka yote unanijua" na "basi mzee". Hayo ndiyo atakayotambuliwa nayo. Ukiona neno linajirudia, usikimbilie kulifuta, maana huenda ndivyo anavyomwita huyo mtu kila wakikutana. Kama hujui, mwombe akuonyeshe ujumbe mwingine aliowahi kumtumia.

Hatua ya 3: Rekebisha yanayoonekana kwa macho, acha yanayosikika

"Ela" iwe "hela", "iyo" iwe "hiyo", "nilisha kwambia" iungane, nukta na mkato viwekwe. Akisomewa hatahisi kwamba kuna kilichobadilika. Lakini "sio" nikiigeuza "si", au "maana" ikawa "kwa sababu", hapo nimeanza kuongea mimi. Isipokuwa kuchanganya r na l: hilo husikika pia, ila mimi hulirekebisha, kwa kuwa wengi huona aibu likibaki kwenye maandishi.

Wengi wetu tuliosomea barua za kiofisi tungemwandikia hivi:

> Napenda kuchukua fursa hii kukuomba uniongezee muda wa kulipa kodi kutokana na changamoto za kifedha zilizo nje ya uwezo wangu. Aidha, nakukumbusha kuhusu ukarabati wa koki.

Mzee akipata huo atapiga simu kuuliza nani kamwandikia, au atadhani mpangaji wake kaenda kushtaki mahali. Kibaya zaidi, mchezo umepotea. "Changamoto za kifedha" hazina tarehe. Mchezo unayo, na mzee anaujua. Aliyekuwa na sababu ya kuaminika sasa anaonekana anazungusha maneno.

Hatua ya 4: Pengo uliza, usilijaze mwenyewe

Mapengo yalikuwa mawili. Nilimuuliza mchezo unatoka lini, akasema tarehe 8. Nikamuuliza kuhusu koki anataka nini hasa, akajibu, "Si alete fundi, hata wiki hii." Jibu hilo liandike jinsi lilivyotoka mdomoni, ukipunguza ukali tu pale ambapo yeye mwenyewe angepunguza mbele ya mzee.

> Shikamoo mzee. Habari za huko? Mzee, mimi kodi ya miezi mitatu naomba unisubirie mpaka tarehe 10, maana mchezo wetu umesogezwa na hela nilikuwa naitegemea hiyo. Napokea tarehe 8. Sio kwamba nakukimbia, hapana, miaka yote unanijua.
>
> Na mzee, ile koki ya nje bado inavuja, nilishakwambia. Maji yanaisha na luku ya pampu inaenda bure. Naomba ulete fundi, hata wiki hii. Basi mzee, nakutegemea.

Hatua ya 5: Mpe asome kwa sauti

Asome yeye, wewe usikilize. Akikwama mahali, au akilisoma neno polepole kama tangazo la ukutani, hilo ni lako, litoe. Wengine wakifika kwenye neno la mwandishi hulibadilisha wenyewe bila kujua. Andika hilo walilolitamka. Usimuulize "Ni nzuri?", atakubali tu kwa adabu. Muulize, "Ungemkuta barabarani ungemwambia hivi?"

Barua ya benki au ya mahakama ina sura yake: anwani, "Yah:", "Wako mtiifu". Hapo hakuna ujanja, fuata. Ila aya ya kati, ile anayoeleza nini kilimpata, ipitishe kwenye hatua hizi hizi.