Nguzo ya chuma imeota kutu chini: kuipaka upya pasipo kupuliza mchanga

Kutu kwenye nguzo mara nyingi huanzia chini, maji yanapotuama kwenye bamba la kitako na kuzunguka bolti. Tuchukue nguzo zenye umbo la H ambazo eneo la kutu, ukilijumlisha, ni mita 6 za mraba. Kupuliza mchanga ndiyo dawa kamili, lakini jengo linatumika na vumbi halikubaliki. Tunabaki na grainda, brashi ya waya na rangi ya epoksi, ile iliyotengenezwa kuvumilia chuma kisichosafishwa kikamilifu.

Kabla ya yote, gonga kwa nyundo. Kutu ikibanduka kwa matabaka mazito na chuma kikaonekana kimekonda, kazi hiyo si ya rangi tena. Mwite mhandisi apime unene. Rangi ya zamani sana nayo inaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo ipimwe kabla hujaanza kuitimua vumbi.

Hatua ya 1: Osha kwanza, sugua baadaye

Wengi huanza na grainda. Wakifanya hivyo kwenye chuma chenye grisi, wanaisambaza na kuikandamiza kwenye mikwaruzo. Osha kwa sabuni ya kuondoa mafuta, suuza kwa maji safi mengi, acha ikauke. Suuza hiyo huondoa pia chumvi, ambayo huvuta unyevu chini ya rangi na kuiletea malengelenge.

Hatua ya 2: Ondoa kutu

Kwangua magamba, kisha tumia grainda yenye diski ya msasa. Lengo ni daraja la St 3 la kiwango cha ISO 8501-1: hakuna kutu wala rangi iliyolegea, na chuma kinang'aa kwa rangi yake. Brashi ya waya ya mashine itakudanganya hapa, maana hung'arisha kutu hadi ifanane na chuma, na uso ukiwa laini hivyo rangi haina pa kushika. Malizia kwa msasa. Kingo kali zizungushe, kwa sababu rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha na kubaki nyembamba hapo.

Hatua ya 3: Dawa ya kugeuza kutu, kwenye mashimo tu

Dawa hii huwa na tanini, asidi ya fosforiki, au vyote viwili. Tanini hushikana na kutu na kuifanya nyeusi yenye ubluu; asidi huigeuza kuwa fosfeti ya chuma. Inafanya kazi pale inapofika. Kwenye gamba nene hugeuza ngozi ya juu tu, na kutu ya chini huendelea na shughuli zake.

Kwa hiyo ninaipaka kwenye vishimo ambavyo msasa haukufika, basi. Ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, ninakwaruza kwa ncha ya kisu. Unga wa kahawia ukitokea chini ya weusi, narudi kwenye grainda. Soma pia kama aina yako inahitaji kusuuzwa, na kama mtengenezaji wa epoksi anakubali ipakwe juu yake, kwani wengine hukataa.

Usipake praima ya zinki juu ya dawa hii. Zinki hulinda kwa kugusana na chuma chenyewe. Ngozi ile nyeusi huitenga, na asidi iliyobaki huishambulia. Niliwahi kufanya kosa hilo kwenye ngazi ya nje, na rangi ilibanduka kama ganda la ndizi kabla mwaka haujaisha.

Hatua ya 4: Praima

Chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone ya maji, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Changanya epoksi na hadena kwa vipimo vya kopo. Kwa brashi, paka kwanza kingo, mishono ya kulehemu na bolti, halafu ndipo upake eneo zima.

Tuseme unataka maikroni 100 zikikauka, na asilimia 80 ya ujazo wa rangi ndiyo inayobaki. Gawanya 100 kwa 0.8: upake maikroni 125 mbichi, uzikague kwa kichana cha kupimia. Hiyo ni mililita 125 kwa mita ya mraba, yaani 750 kwa eneo letu. Ongeza ya kupotea, andaa lita moja kwa kila koti. Paka makoti mawili.

Hatua ya 5: Rangi ya juu

Epoksi ikikaa juani hutoa unga kama chaki, hivyo nje ifunike kwa poliurethani, takriban maikroni 50. Hadena yake ina isosayaneti: tumia brashi au rola, vaa glavu, na usiipulize bila kinga kamili ya kupumua. Muda wa juu wa kupaka koti linalofuata ukipita, epoksi huwa ngumu mno na koti jipya halishiki. Isugue kwa msasa hadi ipoteze mng'ao, futa vumbi, kisha paka.