SOMO: Jaribio la bure limegeuka la kulipia, namna ya kulifuata kato la kwanza mpaka mwanzo wake

Assalam aleykum wanakikundi. Meseji za "pesa imekatwa kwenye kadi na wala sijui imekwenda wapi" zimezidi humu, na kila nikikaa na mtu tukatizama pamoja, mara nyingi tunakuta si wizi, ni apu au huduma ya mtandaoni alojiunga nayo bure akatia kadi yake, siku zikapita. Leo naeleza kwa kesi moja, ya bibie mwenye nyumba ya wageni kule Jambiani, maana kesi yake ina kila kinachowachanganya watu. Kampuni siitaji na bibie simtaji.

Kwanza fahamuni kinachotokea pale unapobonyeza `Start free trial`. Wengi wanadhani wameomba kujaribu tu na kwamba siku zikisha wataulizwa tena wanataka au hawataki. Hakuna kuulizwa. Usajili wa kulipia umeshafunguliwa saa ile ile, una mpango wake na bei yake, kilichofanyika ni kusogezwa mbele siku ya kulipa. Kwenye mitambo mingi ya malipo, Stripe ikiwa mmoja wao, invoisi ya kwanza inatoka siku hiyo hiyo ya kujiunga, ila imeandikwa sifuri. Ya pili ndiyo yenye pesa. Kwa hiyo ukiona namba ya invoisi inaishia na `-0002` basi ujue kuna `-0001` nyuma yake, na hiyo ya nyuma ndiyo inokwambia ulijiunga lini.

Sasa bibie wetu. Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 4 Machi 2025, Ramadhani, yuko macho anasubiri daku, akajiunga na programu ya kupanga bukingi za vyumba, siku 14 bure. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini usiku. Kadi yake ni ile ya kwenye simu, anaitia pesa akiwa na jambo tu. Ijumaa tarehe 21 akatia pesa anunue tiketi ya mwanawe, mara ikaingia meseji: shilingi 374,400 zimetoka, jina la mpokeaji ni herufi hazisomeki. Akataka kufunga kadi palepale.

Hatua ya kwanza, kabla hujafunga kitu chochote, isome meseji ya benki kama ilivyo. Unataka vitu vinne: tarehe, kiasi, namba nne za mwisho za kadi, na lile jina la mpokeaji hata kama halina maana kwako. Jina lile kwa kawaida lina nafasi ndogo, herufi 22 hivi, na mara nyengine si jina la apu, ni la kampuni mama au la anayemkusanyia pesa. Ukiona `GOOGLE *` ujue imepita Play Store na kinachofuatia nyota ndiyo apu yenyewe au kampuni yake. `APPLE.COM/BILL` imepita Apple. `PAYPAL *` imepita PayPal, na hapo unaingia akaunti yako ya PayPal unaona mpokeaji. `PADDLE.NET*` ni wakusanyaji, wana tovuti kwa jina hilo hilo unaweza kuulizia muamala wako. Kama hakuna hata moja katika hayo, basi mara nyingi wamekukata wenyewe moja kwa moja, kama kwa bibie.

Hatua ya pili, tafuta kato dogo la zamani lenye jina lile lile. Ukitia kadi kwenye jaribio la bure wengi wanaipima kadi kwanza, ama kwa sifuri ama kwa dola 1, wanaishika halafu wanaiachia. Bibie alipozirudi meseji zake akakuta tarehe 4 Machi, shilingi 2,600, herufi zile zile. Alipoiona mara ya mwanzo hakuijali kwa vile pesa ilirudi. Meseji ile ndiyo alama ya mguu ya siku ya kujiunga, kwa hiyo msizifute meseji za benki jamani.

Hatua ya tatu ndiyo inapowapoteza watu. Wanahesabu nyuma kutoka siku ya kukatwa, siku 7, 14 au 30, wanatafuta imeli ya siku hiyo. Ni njia nzuri na mara nyingi inafika. Kwa bibie 21 ukitoa 14 unapata tarehe 7, na tarehe 7 hana imeli yoyote, ndipo alipoamini kaibiwa. Sababu ni kwamba siku ya kukatwa si lazima iwe siku jaribio lilipoisha. Jaribio lake liliisha saa nane na dakika ishirini usiku wa kuamkia tarehe 18, ile dakika alojiunga nayo, na mtambo ukasubiri kama saa moja ndo ukajaribu kukata, saa tisa na ushei, watu wanakula daku. Kadi haina kitu, ikakataa. Mtambo haukati tamaa, unarudia siku zinazofuata, na Ijumaa ilipokutana na pesa ya tiketi ikachukua. Sie wa kadi za kutia na kutoa hili linatukuta sana, kadi tupu kwa kawaida inachelewesha tu, haivunji usajili papo hapo.

Na kuna jengine katika tarehe. Kompyuta zao zinahesabu kwa saa ya UTC, sie tuko mbele saa 3. Saa nane na dakika ishirini usiku wa kuamkia tarehe 18 kwetu, kwao bado ni tarehe 17, saa 23:20. Bibie alikuwa kaweka nia akanseli asubuhi ya tarehe 18 "siku ya mwisho", na kwao siku ya mwisho ilishapita usiku ule. Ukiona wameandika linaisha tarehe fulani, wewe kanseli siku moja au mbili kabla. Wa Apple ndio khasa, wao wenyewe wanataka ukanseli angalau saa 24 kabla halijaisha.

Hatua ya nne, imeli. Usitafute kwa jina la kampuni kwa vile hulijui. Kwenye Gmail andika hivi, tarehe ubadilishe zako:

```
in:anywhere after:2025/3/1 before:2025/3/22 (trial OR invoice OR receipt)
```

Hiyo `in:anywhere` inachungulia mpaka spamu na takataka, bila ya hiyo Gmail inaruka huko. Lakini fanya haraka, vilivyomo humo vinafutwa baada ya siku 30. Njia nyengine nzuri zaidi ni kutafuta kiasi kwa dola. Meseji imekuja kwa shilingi, kwa hiyo gawa kwa kiwango cha siku ile: 374,400 kwa 2,600 inatoka 144. Tukaandika `"144.00"` na risiti ikaja yenyewe.

Kwa nini 144 na yeye anakumbuka dola 12? Kwa sababu ukurasa ulikuwa na mipango miwili, wa mwezi na wa mwaka, na wa mwaka ulikuwa umeshachaguliwa. Kumi na mbili imeandikwa kubwa, chini kwa maandishi madogo `billed annually`. Kumi na mbili mara miezi 12, yote kwa mpigo. Kwenye risiti tizameni mstari wa kipindi, ya bibie ilisema `Mar 17, 2025 – Mar 17, 2026`. Tarehe ya kwanza hapo ndiyo mwisho wa jaribio, toa siku 14 unafika tarehe 3 kwa saa yao, ambayo ndiyo usiku wetu wa kuamkia tarehe 4. Dola moja, risiti na kato vikakutana.

Baada ya hapo akafanya mawili na kila moja peke yake: kukanseli ndani ya akaunti ili mwakani isikatwe tena, na kuandika imeli kuomba pesa irudi. Kukanseli peke yake hakurudishi pesa. Imeli iwe fupi, namba ya invoisi, tarehe ya kukatwa, namba nne za mwisho, na kwamba hujaitumia huduma toka jaribio liishe, kwa vile hilo wanaliona kwao. Alirudishiwa dola zote 144, ila kwa shilingi hazikulingana sawasawa, kiwango kilikuwa kimeshabadilika.

MASUALI

Mama wa Chake: Mwanangu shukran. Mie apu niliifuta kwenye simu siku ile ile, mbona wamenikata?

Shikamoo mama. Kufuta apu ni kuitoa kwenye simu tu, usajili umekaa kwenye akaunti. Fungua Play Store, bonyeza picha yako juu, ingia `Payments & subscriptions` kisha `Subscriptions`, utaiona imo na hapo ndo unaikanseli. Imeli ya risiti ina namba inoanza na `GPA.`, iweke. Kama hazijapita saa 48 toka ukatwe, omba kurudishiwa kwa Google wenyewe, zikipita unaambiwa umwandikie mwenye apu.

Kijana wa Mkunazini: Kwani nisibadilishe kadi tu yaishe, kaka?

Haiishi, yakhe. Usajili unabaki wazi wanakudai, na benki nyengine ziko kwenye utaratibu wa Visa wa kuwapa wafanyabiashara namba mpya ya kadi, kwa hiyo unaweza kukatwa kwenye kadi mpya. Kanseli kwanza, kadi baadae.

Ummu Salma: Mie naona nimekatwa mara mbili, 374 elfu na kitu Ijumaa na 378 elfu Jumatatu, jina moja.

Dada, tizama kama ile ya Ijumaa bado iko kwenye taarifa ya benki au imeondoka. Kwanza pesa inashikwa kwa kiwango cha siku ile, halafu ikikamilika inaandikwa upya kwa kiwango cha siku ya kukamilika, na ile ya mwanzo inaachiwa. Bibie wa Jambiani naye yalimkuta hayo hayo. Zikibaki zote mbili baada ya wiki, hapo nenda benki na taarifa mkononi.

Fundi wa Darajani: Na ikiwa kampuni haijibu kabisa?

Unaweza kupinga muamala kupitia benki yako. Hapo tafuta kitu kimoja: Visa toka mwaka 2020 inawataka wafanyabiashara watume ukumbusho angalau siku 7 kabla ya kukata baada ya jaribio. Tafuta imeli hiyo kwenye spamu na kwenye `Promotions`. Usipoiona popote, waeleze benki kwa maandishi kwamba hukukumbushwa, pamoja na risiti na nakala ya imeli ulizowatumia kampuni bila kujibiwa. Namba nzima ya kadi usiiandike popote kwenye imeli, nne za mwisho zinatosha.